Chupa ya Chai ya Rubani

Kuna kazi watu hudhani ni ya kukaa tu. Unaegesha gari kando ya uwanja wa ndege wa vumbi, unangoja ndege ishuke, unachukua wageni, unaondoka. Ndivyo hata mke wangu alivyokuwa akifikiri. Akiniona nimevaa shati la kambi na kofia, ananiambia, "Haya, Kitheka, nenda ukakae." Nami nacheka, kwa sababu nilikuwa nalipwa vizuri kwa kule kukaa.

Lakini wacha nikueleze ile kazi ilivyo, maana usipoielewa hutaelewa nilichofanya.

Uwanja wetu ulikuwa katikati ya ranchi, huko nyanda za chini kabla ya kufika Maktau. Mita elfu moja na mia moja za udongo mwekundu, soksi ya upepo juu ya mlingoti, kibanda cha mabati na choo. Hakuna mlinzi, hakuna mtandao wa simu. Kambi yenyewe iko kilomita kumi na nane nyuma ya kilima, na lami iko mbali zaidi upande mwingine. Dereva ndiye mnara, ndiye zimamoto, ndiye polisi. Ndege ikikaribia, unaendesha gari uwanja mzima, ukienda na kurudi, unafukuza pundamilia na ngiri na pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe. Unaangalia mashimo. Unamwambia rubani kwa redio kwamba uwanja ni safi.

Na ndege ikitaka kuondoka, unafanya vilevile upya. Wanyama hawajui kwamba umewafukuza saa moja iliyopita. Kisha unasimama katikati, kando ya njia, gari likiwa linanguruma, mitungi miwili ya kuzima moto nyuma, na unaikodolea macho ile ndege mpaka iwe nukta. Ikishapotea kabisa ndipo unapiga redio kambini: imepaa, saa fulani. Kambi inapigia simu kampuni ya ndege Nairobi: imepaa. Kutoka hapo Nairobi wanaanza kuhesabu dakika. Neno hilo moja, imepaa, ndilo linaloihamisha ndege kutoka mikononi mwako kwenda mikononi mwao.

Miaka kumi na mmoja nimelisema neno hilo. Sikuwahi kulisema kabla ya wakati, ila mara moja tu.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi hata huku chini. Ndege ya asubuhi haikuwa na wageni. Ilikuwa inaleta pampu ya maji, mboga, na mtu mmoja, Wakesho.

Wakesho alikuwa wetu. Alipika kambini miaka minne kabla hajaenda Doha kupikia watu wa hoteli huko. Mimi nilimfundisha kuendesha gari kwenye uwanja huohuo, akagonga kibanda cha mabati, na pale alipogonga pamebonyea hadi leo. Mama yake, Tryphena, alikuwa hoi huko Werugha. Figo. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani, na ukiona hospitali imekurudisha namna ile unajua maana yake. Wakesho aliposhuka Nairobi usiku ule, treni ya asubuhi ilikuwa imejaa na basi lingemfikisha Voi jioni. Meneja wetu, Mumbe, akasema, "Kuna kiti kwenye ndege ya pampu. Apande. Kitheka atampeleka hadi mlangoni kwao." Huyo ndiye Mumbe. Mkali, lakini ana roho.

Saa tatu kamili nikasikia mlio. Nilikuwa nimeshafukuza pofu saba, wakubwa, wale wa kuruka ua kama mbuzi. Ndege ikagusa chini vizuri, maana rubani alikuwa Ben.

Ben alikuwa na miaka thelathini na miwili. Marubani wengine hawajui hata jina lako, wewe kwao ni "dereva". Ben alikuwa akishuka anakuja moja kwa moja kwa gari langu, anafungua mlango na kuchukua chupa ya chai bila kuomba. Chai ya mke wangu, ya tangawizi, imechemshwa mpaka imekuwa nyekundu. Alikuwa akiniambia, "Mzee Kitheka, mimi siji kwa sababu ya kampuni, mimi nakuja kwa chai." Nami namwambia, "Oa, mtoto wa watu, upikiwe yako." Tumetaniana hivyo miaka mitatu.

Siku hiyo hakutania. Alimsaidia Wakesho kushuka, akambebea begi, akanivuta kando.

"Mzee, simu ililia tukiwa uwanja wa Wilson, Nairobi, kabla ya kuruka. Kaka yake. Mama anavuta pumzi kwa kuhesabu. Huyu dada amelia njia nzima, ametazama dirishani tu."

"Basi wacha nipakue pampu niende," nikasema.

"Sasa hapo ndipo penye shida. Wilson imefungwa nyuma yangu. Mawingu yameshuka mpaka kwenye mapaa. Wameniambia hewani nisirudi kwanza. Labda nusu saa, labda saa nzima na nusu. Nitasikiliza redio."

Nikamwelewa. Ndege haiondoki, kwa hivyo gari haliondoki.

Nikapiga redio kambini. Mumbe akajibu mwenyewe. Nikamweleza. Nikamwomba gari la pili, la dereva mwenzangu, lije lishike zamu yangu.

"Titus yuko na wageni upande wa mto, nimemwita hashiki," akasema. "Kitheka, najua. Hata mimi moyo unaniuma. Lakini ngoja ndege ipae. Ikipaa tu, kimbia."

Tukapakua pampu, tukaiweka kibandani. Tukapakua mboga. Ben akaketi kwenye ubao wa gari na kikombe chake. Wakesho hakuketi. Alikuwa akitembea kutoka kibandani hadi kwenye mlingoti, anainua simu juu, anaishusha. Hakuna mtandao pale na alijua hakuna, amefanya kazi hapo miaka minne, lakini aliinua tu.

Saa tatu na nusu. Saa nne kasoro robo. Ben anaingia ndani ya ndege, anasikiliza redio, anatoka anatikisa kichwa.

Ndipo Wakesho akaja akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mzee, mimi niliondoka bila kumuaga mama," akasema. "Tuligombana. Alitaka nisiende Uarabuni, nikamwambia maneno. Nikamwambia yeye ndiye aliyetuzaa kwenye umaskini, asinizuie kutoka. Miaka mitano tunaongea kwa simu, habari ya ng'ombe, habari ya mvua. Lile neno hakuna aliyelitaja. Nataka tu niliondoe kabla hajaenda nalo. Nikichelewa nitaishi nalo mimi."

Mimi mama yangu alifia Kibwezi nikiwa nimebeba wageni kwenda kuangalia simba. Nilipata habari jioni. Hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwangu, sikuwa nikifikiria mitungi ya kuzima moto.

Nikaenda kwa Ben. Nilitaka anikatalie, nakuambia ukweli. Nilitaka aseme, hapana, kanuni ni kanuni, ili nimrudishie Wakesho jibu la mtu mwingine.

"Ben," nikasema, "nikikuacha?"

Akanitazama. Akamtazama Wakesho kule kwenye mlingoti, mkono juu.

"Nenda, Mzee. Mimi si mtoto. Nitauendesha uwanja wote kwa ndege mara mbili kabla ya kuruka, nione kama kuna kitu. Wengine huku bara wanaruka bila gari kila siku."

"Mumbe hatakubali."

"Mumbe anataka kusikia neno moja tu." Akacheka kidogo. "Mwambie nimepaa. Nusu saa hivi itakuwa kweli. Mumpe yule mama salamu."

Hapo ndipo. Ukiniuliza kosa liko wapi, liko hapo, na lilitoka kinywani mwa mtu mzuri kwa ajili ya mtu mwenye shida, na mimi nikalipokea kwa mikono miwili.

Nikashika redio. Wakesho ameshaingia garini, anasikia. Ben amesimama mlangoni kwangu, kikombe mkononi.

"Kambi, kambi. Imepaa. Saa nne na dakika tano."

"Nimepata," akasema Mumbe. "Saa nne na dakika tano. Asante Mungu. Kimbia, Kitheka."

Ben akasema, "Aisee, nimepaa na chai bado ni ya moto." Tukacheka wote watatu, hata Wakesho, mara yake ya kwanza siku hiyo. Nikamwachia ile chupa, lita nzima, kikombe kimoja tu ndicho kilichokuwa kimetoka. Nikamwambia airudishe safari ijayo. Akasema, "Nitawapita juu ya barabara, niwapigie bawa." Hiyo ilikuwa desturi yake, anainamisha ndege upande mmoja kukuaga.

Nikaondoka bila kuendesha uwanja. Sikuangalia hata kama wale pofu wamerudi.

Njia ya kutoka uwanjani hadi lami ni dakika hamsini ukiwa mwangalifu. Mimi nilikuwa nakimbia. Gari linaruka, pale kwenye mawe ya korongo nusura nivunje springi. Wakesho ameshika dashibodi kwa mikono miwili, midomo inasema sala. Mimi sikio langu liko nje ya dirisha. Naendesha na nasikiliza. Mlio wa ile ndege naujua kama kikohozi cha mke wangu.

Saa nne na nusu, kimya. Saa tano kasoro robo, kimya. Tukapanda kile kilima kidogo cha mwisho, unapoona lami mbele na milima ya Taita imevaa ukungu. Kutoka hapo mbingu yote ya nyuma iko wazi. Nikasimamisha gari.

"Kuna nini?" Wakesho akauliza.

"Naangalia gurudumu."

Nikashuka, nikapiga gurudumu teke, nikatazama nyuma. Niliona vumbi jembamba kule uwanjani, limesimama chini, likitawanyika. Nikangoja nione nukta inayopanda. Hakuna kilichopanda.

Nikajiambia, ni kimbunga cha vumbi, viko tele mwezi huu. Nikajiambia, amepaa kuelekea upande mwingine. Nikajiambia, Wilson bado imefungwa, bado amekaa anakunywa chai. Mtu mzima mimi, na uongo wote huo nilijipa nikiwa nimesimama pale pale. Redio ya gari haifiki kambini wala uwanjani kutoka hapo, ni mbali mno. Kurudi ni dakika arobaini. Kurudi na kuja tena, saa nzima na nusu. Wakesho alikuwa ananitazama kupitia kioo.

"Ben amepita?" akauliza nilipoingia. "Sijamsikia."

"Amepita," nikasema. "Yuko juu ya mawingu."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na huo hakunipa mtu. Huo ni wangu.

Tulipofika Mwatate mtandao ukarudi, simu ya Wakesho ikaanza kulia mfululizo. Ilikuwa Sylus, kaka yake. Mama bado yuko, njoo, njoo. Wakesho analia na kucheka pamoja. Na simu yangu iko mfukoni, ina mtandao, ina namba ya Mumbe. Ningempigia. Ningesema maneno manne tu: tuma mtu akaangalie uwanjani. Lakini angeniuliza kwa nini, nami ningesema nini? Kwamba nilimdanganya? Nilifikiria kazi yangu. Niseme wazi, sikufikiria Wakesho hapo, nilifikiria kazi. Nikapita Mwatate nikianza kupanda mlima, kona baada ya kona, na kila kona nikawa nasema, hii ijayo nitapiga.

Wundanyi tukapita. Barabara ya Werugha ilikuwa na matope na ukungu mzito, ng'ombe wanatokea ghafla mbele ya taa. Saa sita na dakika ishirini nikasimama kwenye boma lao, nyumba ya mawe juu ya ngazi za mashamba ya kabeji, watu wamejaa uani wamevaa majaketi. Wakesho akafungua mlango gari halijasimama.

Mama Tryphena alikuwa hai.

Mimi sikutaka kuingia. Nilitaka nibaki na gari nipige simu. Lakini Sylus akanishika mkono: "Mzee, ingia, mama anataka kumwona aliyemleta." Huwezi kukataa mgonjwa. Nikaingia, nikavua kofia.

Alikuwa mdogo kitandani, blanketi tatu, macho makubwa. Wakesho amepiga magoti, kichwa chake kwenye kifua cha mama. Alilitaja lile neno. Alilitaja lote, mbele ya ndugu na majirani na mwanamke wa kanisa, jinsi alivyolisema miaka mitano iliyopita. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba maji. Wakamshikia kikombe, akachukua funda, akalitema kwa kunyunyiza juu ya kichwa cha binti yake, kidogo sana, hakuwa na nguvu, mengine yakamwagika kidevuni. Wadawida, yaani Wataita, wanafanya hivyo mtu anapotoa hasira moyoni. Mimi ni Mkamba lakini nimeishi nao, najua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hana kitu moyoni, kimekwisha, aende salama.

Watu wote walilia. Hata mimi nililia, nami nilikuwa na yangu.

Halafu akanigeukia. Akachukua funda la pili. Nikainama kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na yale maji yakaniangukia kwenye upara.

"Mungu akulipe," akasema, "kwa ulichofanya leo."

Simu yangu ikalia hapohapo.

Nikatoka nje nikaenda hadi kwenye zizi la ng'ombe. Mumbe. Sauti yake haikuwa sauti yake.

"Kitheka, Nairobi wamepiga. Ndege haijafika. Wamepiga Amboseli, wamepiga viwanja vyote njiani, walifikiri ameona mawingu akatua mahali. Hayuko. Ndege mbili zimetoka kumtafuta kwenye milima ya Chyulu. Sasa nikumbushe, alipopaa alielekea wapi? Uliona chochote? Moshi? Mlio mbaya?"

Ng'ombe alikuwa ananitazama.

"Kitheka? Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona. Alielekea wapi?"

"Angalieni uwanjani," nikasema.

"Nini?"

"Mumbe, angalieni uwanjani. Sikumwona akipaa. Nilimwacha chini."

Nikamsikia akiita kwenye redio, "Titus! Titus! Acha wageni hapa kambini, nenda uwanjani, sasa hivi!" Hakunikatia simu, aliisahau. Nilisikia miguu yake ikikimbia.

Nilirudi chini peke yangu. Sikuaga mtu. Sijui niliushukaje ule mlima.

Titus alifika uwanjani saa saba na nusu. Mimi nilifika saa tisa, na kufikia hapo polisi wa Mwatate walikuwapo. Ndege ilikuwa chali kando ya njia, theluthi mbili ya uwanja, tumbo juu, na nyuma yake pofu mmoja dume amelala amefumuka. Baadaye wachunguzi walitueleza taratibu, wakitupigia mahesabu yao. Ben aliendesha uwanja mara mbili kama alivyosema, alama za magurudumu zilionekana. Akageuka kuruka. Pofu wakatoka vichakani wakati ndege imeshashika kasi. Ingekuwa gari liko katikati linanguruma, wasingetoka. Gurudumu likampiga yule dume, ndege ikapinda, ikabiringika. Kile chombo cha ndege cha kupiga ukelele kwa setilaiti inapoanguka hakikuamka, kwa sababu mpigo haukuwa mkali wa kutosha. Redio ya ndege ilikufa. Ajali ya kupona hiyo, mmoja akaniambia. Sijui kama alitaka kunifariji au kuniua.

Maana Ben hakufa kwenye ajali. Alijifungua mkanda, akatambaa nje. Bati lilikuwa limemkata paja. Alijifunga mkanda wa suruali juu ya jeraha, vizuri kabisa, kama walivyofundishwa. Akajiburura mpaka kwenye kivuli cha bawa, akaketi, uso umeelekea njia ya kambini. Kule ndiko gari lingetokea. Kwa kawaida, kambi isiposikia neno kutoka uwanjani, Mumbe angeita redio, asipojibiwa angetuma mtu, na mtu angefika ndani ya saa moja. Ben alijua hivyo. Lakini alijua pia kwamba kambi ilikuwa imeshasikia neno. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu likisemwa, akacheka.

Titus aliniambia mwili ulikuwa bado na joto. Nilimwomba asiniambie lingine lolote.

Mama Tryphena alikufa jioni ile ile, saa kumi na moja, amelala mkononi mwa Wakesho. Nilisikia ulikuwa mwisho mzuri.

Mumbe hakunifukuza, niliacha mwenyewe kabla hajapata nafasi. Niliandika taarifa ya polisi kwa mkono wangu, yote, hata ile ya Ben kuniambia niseme amepaa, kisha nikaomba nifute hapo. Afisa akakataa kufuta. Baba yake Ben aliisoma. Alinipigia simu mara moja tu, akaniuliza kama ni kweli mtoto wake ndiye aliyetoa wazo. Nikamwambia hapana, ni mimi. Akasema, "Asante kwa kusema kweli." Hivyo nikamdanganya na yeye, lakini huo wa tatu siujutii.

Sasa niko Miasenyi, kando ya barabara kuu, naziba pancha za malori. Wakesho hunipigia kila mwezi wa saba. Hakurudi Doha. Mwaka wa kwanza aliuliza, "Mzee, siku ile uliposimama kilimani, ulikuwa unaangalia gurudumu kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mimi pia niliona vumbi." Hatujaizungumza tena.

Polisi walipomaliza na vitu vya uwanjani waliniita nichukue vilivyo vyangu. Nilidhani ni kofia ya akiba. Ilikuwa chupa ya chai, imekwaruzwa ubavuni, mfuniko umefungwa barabara. Kwenye kikombe chake kulikuwa na alama za vidole vya damu, kahawia, zimekauka, nyingi, moja juu ya nyingine. Waliikuta kando yake chini ya bawa.

Nikaitikisa. Nilimwachia karibu lita nzima, na kikombe kile ni kidogo. Haikuwa na hata tone.